Faida ya asilimia 36 iliyokausha mtaji: kisa cha barua ya kutafuta wasambazaji, Moshi

Barua ya kwanza ilikuwa na kichwa hiki: "FURSA YA BIASHARA!!! Kuwa msambazaji wetu leo, faida hadi 36%". Ilitoka kiwanda kidogo cha siagi ya karanga kilichopo Pasua, Moshi, na ilitumwa kwa watu walioacha barua pepe zao kwenye banda la kiwanda hicho wakati wa Nane Nane, viwanja vya Themi, Arusha. Ndani yake kulikuwa na historia ya kiwanda, picha ya mwenye kiwanda akiwa na kofia nyeupe ya nailoni, aya moja kuhusu uzalendo wa kununua bidhaa za nyumbani, na ahadi kwamba msambazaji "atapata sapoti ya kutosha" na "eneo lake peke yake". Bei zilikuwa kwenye faili la PDF lililoambatanishwa, ambalo wengi hawakulifungua. Barua ya namna hii husomwa kwenye simu, mtu akiwa amesimama dukani.

Majibu yalikuwa mengi. Watano walitoa pesa wakachukua mzigo wa kwanza. Miezi mitatu baadaye alikuwa amebaki mmoja, mama wa Himo, na mwenye kiwanda alikuwa ameshafikia uamuzi kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi. Hapo ndipo nilipoitwa kuiangalia barua, maana alikuwa anajiandaa kuituma tena kwa kundi jipya, safari hii akitaja faida kubwa zaidi. Bei ninazozitaja humu nimezizungusha kidogo ili hesabu isomeke kwa urahisi, lakini uwiano ni ule ule.

Tuanze na hiyo asilimia 36. Kopo la gramu 400 lilikuwa linatoka kiwandani kwa Sh 4,400, na mlaji analinunua dukani kwa Sh 6,000. Tofauti ni Sh 1,600, na ukiigawa kwa 4,400 unapata asilimia 36 na ushee. Hesabu haina kosa. Shida ni kwamba faida hiyo ni ya watu wawili. Msambazaji haiuzii nyumba, anauzia duka, na duka halichukui kopo kwa zaidi ya Sh 5,000 likitegemea kuliuza 6,000. Kwa hiyo Sh 1,000 ni ya mwenye duka na Sh 600 ndiyo ya msambazaji. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 14 ukihesabu kwa bei aliyonunulia, au asilimia 12 ukihesabu kwa bei aliyouzia. Wauza duka wengi wa kwetu huhesabu kwa njia ya kwanza, wahasibu kwa ya pili, na barua isiyosema imetumia ipi inaacha kila mtu achague inayompendeza. Dawa yake ni kuachana na asilimia kabisa na kuandika shilingi kwa kartoni.

Matokeo ya lile neno "hadi" yalionekana mapema. Wawili kati ya wale watano walikuwa wenye maduka waliotaka kununua kwa bei ya kiwandani na kuuza rejareja kwenye maduka yao, basi. Hawakuwa na nia ya kumpelekea mtu yeyote. Walipomaliza kartoni zao ishirini, jambo lililochukua muda mrefu mno kwa duka moja, hawakurudi. Mwingine aliacha kwa sababu mteja wake wa Boma Ng'ombe alipiga namba iliyoandikwa kwenye kopo, kiwanda kikampelekea mzigo moja kwa moja kwa Sh 4,700. Ahadi ya "eneo lako peke yako" ilifia hapo.

Aliyenifundisha zaidi ni kijana wa Arusha, kwa sababu huyo alifanya kazi kweli. Alikuwa anapita Sakina, Ngarenaro, Sanawari na kushuka hadi Kilombero. Alinionyesha daftari lake, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, alilolipiga mistari kwa rula: jina la duka, makopo aliyoacha, kilicholipwa, kinachodaiwa. Safu ya mwisho ndiyo iliyojaa. "Kaka, mali inatoka," aliniambia, "hela ndiyo hairudi kwa wakati."

Hesabu yake ni hii. Kiwango cha chini cha oda kilikuwa kartoni 20 za makopo 12, yaani makopo 240, kwa Sh 1,056,000. Akiyauza yote kwa Sh 5,000 anapata Sh 1,200,000, faida Sh 144,000. Alikuwa na maduka kama 60, kila duka likitoa wastani wa makopo mawili kwa wiki. Akipita kila duka mara moja kwa wiki mbili anaacha makopo manne, na maduka 60 mara makopo manne ndiyo hayo 240. Bidhaa ilikuwa inatembea vizuri tu.

Sasa ongeza mali kauli. Nusu ya maduka yalilipa papo hapo na nusu yakasema "pitia ukileta mwingine". Mwisho wa mzunguko wa kwanza alikuwa na Sh 600,000 mkononi na Sh 600,000 kwenye daftari. Kuchukua kartoni 20 nyingine kulihitaji Sh 1,056,000. Amepungukiwa Sh 456,000, na hajala kitu bado. Akakopa kwa shemeji, akachukua mzigo wa pili. Wa tatu akachelewa siku kumi. Kiwandani waliona kijana ambaye oda zake zinachelewa, wakaandika kwenye kitabu chao "amelegea". Maduka yake nayo yaliishiwa bidhaa, na duka likiishiwa, ile nafasi ya rafuni inachukuliwa na kampuni nyingine ndani ya wiki moja.

Dalili ya msambazaji aliyebanwa na mzunguko inatofautiana na ya yule asiyeuza. Asiyeuza hupiga simu kuuliza kama anaweza kurudisha mzigo. Aliyebanwa hupiga kuuliza kama anaweza kuchukua nusu ya kiwango, au kama kiwanda kinaweza "kumvumilia hadi Jumatatu". Daftari la simu za kiwandani lilikuwa na maombi ya namna hii kutoka kwa kijana huyu, na kila mara jibu lilikuwa kwamba utaratibu ni kartoni 20 kwa pesa taslimu.

Ndiyo maana wazo la kuongeza faida halikunishawishi. Tuseme kiwanda kingeshusha bei hadi Sh 4,300. Kwa makopo 240 msambazaji anapata Sh 24,000 zaidi kwa mzunguko. Pengo lake ni Sh 456,000. Kiwanda kingetoa pesa ya moja kwa moja, isiyorudi, na tatizo lingebaki pale pale. Lakini kiwanda kikimwachia kartoni 8 kati ya 20 kwa mali kauli ya siku 14, kuanzia oda ya pili, atahitaji kulipa kartoni 12 tu, Sh 633,600. Anazo 600,000. Pengo limebaki Sh 33,600, ambalo mtu mwenye akiba ndogo anaweza kulifunika. Kiwanda kinafunga Sh 422,400 kwa kila msambazaji, ila pesa hiyo inarudi. Mwenye kiwanda alikuna kichwa, akasema mwanzoni alidhani anaambiwa atoe zawadi.

Kabla ya kuandika barua mpya kulikuwa na swali moja lililobaki: kazi hii inamfaa nani? Maduka 60, kwa maduka 15 kwa siku, ni siku nne kwa wiki mbili, siku nane kwa mwezi. Kwa mwezi huo anauza kartoni 40 na kupata Sh 288,000 kabla ya gharama. Kijana alikuwa anatumia kama Sh 12,000 za bodaboda kwa siku, hiyo ni 96,000. Vocha na makato ya kutoa pesa kwenye simu yalikula kama 20,000, na makopo yaliyovuja au kupotea, matano hivi kwa mwezi, 22,000. Inabaki Sh 150,000. Kwa mtu anayetegemea hiyo peke yake, na mtaji wa zaidi ya milioni ukiwa barabarani, ni maisha ya kubangaiza. Lakini mtu ambaye tayari anapita maduka hayo hayo na trei za mayai hatoi tena ile 96,000 ya usafiri, kwani mayai yameshailipia. Kwake inabaki Sh 246,000 kwa kazi ya kuongeza boksi moja nyuma ya pikipiki. Faida kwa kopo ni ile ile kwa wote wawili. Barua ya kwanza ilikuwa imemwita yule asiyefaa.

Barua ya pili ilitoka hivi, nimeiweka nzima isipokuwa jina la kiwanda na namba za simu:

---

Mada: Siagi ya karanga, msambazaji Arusha mjini: faida Sh 7,200 kwa kartoni

Ndugu mfanyabiashara,

Uliacha barua pepe yako kwenye banda letu Nane Nane. Tunatafuta msambazaji mmoja wa Arusha mjini na mmoja wa Usa River na Tengeru. Kazi hii inamfaa zaidi mtu ambaye tayari anapelekea maduka bidhaa nyingine, kama mkate, mayai au sabuni. Kama unatafuta kazi ya kukutosha peke yake, bidhaa hii bado haijafikia hapo.

Bei: unanunua kwetu kopo la gramu 400 kwa Sh 4,400. Duka linanunua kwako kwa Sh 5,000. Tunapendekeza duka liuze Sh 6,000. Kwa kartoni ya makopo 12 unalipa Sh 52,800, unauza Sh 60,000, inabaki Sh 7,200 kabla ya gharama zako. Hatujasajiliwa VAT, hivyo bei haina VAT. Kila mzigo una risiti ya EFD.

Mfano: maduka 60 yanayouza makopo mawili kwa wiki ni kartoni 40 kwa mwezi, Sh 288,000. Toa usafiri wako, vocha na makopo yatakayoharibika. Msambazaji wetu aliyekodi bodaboda kwa kazi hii peke yake alibaki na kama Sh 150,000.

Mtaji: oda ya kwanza ni kartoni 20, Sh 1,056,000, kwa pesa taslimu. Tegemea nusu ya maduka kuomba mali kauli. Kwa sababu hiyo, kuanzia oda ya pili tunakuachia kartoni 8 kati ya 20 kwa siku 14. Ukichelewa kulipa hizo 8, oda inayofuata itakuwa taslimu yote.

Sisi: tunafikisha mzigo hadi Arusha kwa gharama yetu. Tunakupa kopo mbili za kuonjesha kwa kila maduka kumi ya kwanza. Mwenzetu atatembea nawe siku mbili za mwanzo. Kopo lililovuja tunabadilisha ukituma picha yenye namba ya toleo ndani ya siku 7. Kopo lililobakiza miezi miwili au zaidi kabla ya kuisha muda tunalibadilisha. Chini ya hapo hapana.

Wewe: kartoni 20 kwa mwezi katika miezi miwili ya kwanza, 30 kuanzia mwezi wa tatu. Kila Ijumaa unatutumia kwa WhatsApp orodha ya maduka uliyopita na makopo uliyoacha. Miezi miwili mfululizo chini ya kiwango, tunakaa pamoja, na tunaweza kutafuta mtu mwingine wa eneo hilo.

Mipaka: supamaketi na hoteli tunazihudumia wenyewe. Duka lolote la eneo lako likitupigia, tunakupa namba yake. Hatutaliuzia chini ya Sh 5,000.

Hakuna kiingilio wala ada ya kujiunga. Karibu kiwandani Pasua uone kabla ya kulipa chochote.

Kama hesabu inakufaa, tujibu mambo matatu: mitaa unayopita, bidhaa unayopeleka sasa, na maduka unayoyafikia kwa wiki mbili. Tutakupigia ndani ya siku tatu za kazi.

---

Kichwa cha barua ndicho kilichobishaniwa zaidi. Mwenye kiwanda alilipenda neno "fursa" na alama zake tatu za mshangao. Kwa msomaji wa Arusha au Moshi ambaye ameshapoteza pesa kwenye upatu wa mtandaoni, au ana dada aliyepoteza, kichwa kile kinafanana mno na vile vya wale jamaa wanaotaka kwanza utume ada ya kujiunga. Kwa hiyo tuliweka bidhaa, mahali na shilingi, vitu ambavyo tapeli hapendi kuvitaja, na chini tukaongeza sentensi ya kiingilio na mwaliko wa Pasua. Watu wawili walikwenda kweli kuangalia kabla ya kulipa.

Sentensi ya VAT inaonekana ndogo lakini ina kazi yake. Usajili wa VAT ni lazima mauzo yakifika Sh milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Julai 2023, na kiwanda hiki kiko mbali na hapo. Duka kubwa lililosajiliwa hupenda kudai VAT iliyolipa kwenye manunuzi, na hapa halina cha kudai. Ni afadhali msambazaji alijue hilo kabla hajaulizwa na mhasibu wa mtu. Pia siku kiwanda kitakaposajiliwa, asilimia 18 itabidi itoke mahali fulani, na bei ya 4,400 itajadiliwa upya.

Kwenye sehemu ya "Sisi" kulikuwa na pendekezo la mabango na fulana. Niliyapinga. Fulana haiuzi kopo la pili. Kilichokuwa kinarudisha makopo kiwandani ni mafuta. Siagi ya karanga isiyotiwa kitu cha kuyashika mafuta hujitenga ikikaa: mafuta yanapanda juu, nzito inabaki chini. Mwenye duka anaona tabaka la mafuta, anadhani imeharibika, anairudisha. Na kama ameiweka dirishani inapopigwa na jua, hali huwa mbaya zaidi. Hizo siku mbili ambazo mtu wa kiwanda anatembea na msambazaji mpya kazi yake kubwa ni hii: kumwonyesha muuza duka jinsi ya kulipindua kopo kichwa chini kila baada ya siku chache, kulikoroga mbele ya mteja, na kulihamishia rafu ya ndani. Hilo lilipunguza marejesho kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, ingawa barua yenyewe haikulieleza. Ingelieleza, ingekuwa ndefu kupita kiasi, na jambo la mafuta linaeleweka kwa macho zaidi.

Ile kartoni 30 ya mwezi wa tatu ilitoka kwenye maduka, haikuokotwa hewani. Kartoni 30 ni maduka 45 yenye mwendo wa makopo mawili kwa wiki. Kama mtu amejibu kwamba anafikia maduka 25 kwa wiki mbili, inajulikana kabla hajalipa kwamba lengo hilo hatalifikia, na mazungumzo yanakuwa ya kupunguza eneo au kumsubiri aongeze maduka. Barua ya kwanza ilisema "msambazaji mchapakazi". Huwezi kumpima mtu kwa hilo, na huwezi kumwondoa kwa haki.

Sentensi inayomwambia msomaji kwamba aliyekodi bodaboda alibaki na Sh 150,000 ndiyo iliyomuuma mwenye kiwanda. Alisema inafukuza watu. Inawafukuza, ndiyo. Majibu ya barua ya pili yalikuwa machache mno ukilinganisha na ya kwanza, na kwa siku kadhaa simu ya kiwandani ilikuwa kimya kiasi cha kutia wasiwasi. Ila karibu kila aliyejibu alijibu yale mambo matatu, na mmoja alituma orodha ya maduka 70 anayoyapelekea mkate kutoka Tengeru hadi Usa River, kwa mpangilio wa barabara. Huyo alichukua eneo. Wa Arusha mjini ni muuza mayai. Wote wawili wanaendelea, na yule wa mkate alivuka kartoni 30 kabla ya mwezi wa tatu, kwa sababu anapita kila duka mara mbili kwa wiki na hana haja ya kuacha makopo manne kwa mpigo. Anaacha mawili, anakusanya pesa haraka, mali kauli yake ni ya siku tatu nne. Zile kartoni 8 za kuazimwa hajawahi kuzihitaji.

Kijana wa daftari hakurudi kwenye siagi. Alidai madeni yake kwa miezi miwili, akapata karibu yote.

Lililobaki bila jibu ni la mama wa Himo. Wanunuzi kutoka Taveta, Kenya, wanavuka mpaka pale Holili, wanamfikia dukani na kubeba kartoni nne, tano, kwa pesa taslimu. Mpaka wa eneo lake kwenye makubaliano unaishia Himo na Mwika, na barua imenyamaza kuhusu bidhaa inayovuka. Mwenye kiwanda ana mtu mwingine anayeulizia Taveta na Voi, na anataka kumpa eneo hilo rasmi. Mama anasema wateja hao wanamfuata yeye dukani kwake, yeye hajavuka popote. Nilipendekeza barua ijayo ipime eneo kwa mahali msambazaji anapopeleka mzigo, na anayekuja mwenyewe dukani kwako awe wako hata akitoka Mombasa. Mwenye kiwanda bado hajakubali.